Jedwali la Nne

Bwana Ildefonsi, Mratibu wa Mradi wa Mhogo Salama, alikuwa na imani mbili: ya Mungu na ya slaidi. Kwa Mungu alikwenda Jumapili. Kwa slaidi alikwenda kila siku, asubuhi na jioni, wala hakuna aliyewahi kumwona akichelewa.

"Kisicho kwenye slaidi hakipo," alipenda kuwaambia wafanyakazi wake wanne pale ofisini Kasulu, na wafanyakazi wake wanne, ambao kwa kawaida hawakuwa kwenye slaidi, waliitikia kwa vichwa.

Mwezi wa tisa mwaka 2014 alimkabidhi Siti, bibi shamba wa mradi, flashi yenye mada ya kuwafundisha wakulima wa Kumsenga, kule Kibondo. Siti akaifungua kwenye kompyuta. Slaidi zilikuwa sitini na tatu. Ya kwanza ilibeba nembo za wafadhili, ya pili iliwashukuru wenye nembo, ya tatu ilieleza kwa nini ya pili ilikuwa ya lazima. Ya kumi na saba ilionyesha maisha ya inzi weupe tangu yai hadi uzee wao, na kila mshale uliingia peke yake kwa mlio wa kamera. Ya arobaini ilikuwa ramani ya Afrika nzima, endapo mkulima wa Kumsenga angekuwa amesahau bara analolima. Maandishi yalikuwa madogo na mengi, yamebanana kama dagaa kwenye gunia. Slaidi ya sitini na tatu ilisema "Asanteni kwa kunisikiliza", jambo lililoonyesha kwamba Mratibu alikuwa mtu mwenye matumaini makubwa.

Siti hakucheka. Alikuwa na sababu zake za kutocheka, na mojawapo ilikuwa ikiishi Kumsenga.

Mihogo ya Kumsenga ilikuwa inaumwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ni ugonjwa wa kinafiki. Batobato, ugonjwa mwingine wa mihogo, huuona kwenye majani hata ukipita na baiskeli, lakini huu wa michirizi huliacha shamba limesimama na kupendeza, majani ya chini tu yakiwa na madoa ya njano ambayo mtu mwenye haraka hayaoni. Mwenye shamba anasubiri mwaka mzima, anang'oa, anakata muhogo, na ndani anakuta kahawia kavu, ngumu, isiyoliwa na mtu wala mbuzi. Dawa hakuna. Dawa ni kung'oa mashamba yote yaliyougua na kupanda pingili safi, tena kijiji kizima kwa pamoja, kwa sababu atakayebakiza shamba lake atakuwa anawafugia wenzake inzi. Lori la pingili safi lilikuwa tayari kuja wiki ya mwisho ya Oktoba. Pingili hazisubiri, zikikaa zinakauka. Kumsenga wakikataa, lori litakwenda kwa wengine, na Kumsenga watakula majani mazuri.

Hilo lilikuwa moja. La pili lilikuwa Immakulata.

Immakulata, ambaye watu humwita Mama Aline kwa jina la bintiye wa kwanza, alizaliwa Kibondo na wazazi waliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Uraia alikuwa nao, na karatasi zake alizitunza kwenye bati la biskuti. Mwaka wa mvua nzuri majirani walimwita Mama Aline. Mwaka mbaya walimwita Mrundi. Mwaka 2012 mradi ulimchagua kuwa mzalisha pingili, kwa kuwa shamba lake lilikuwa safi kuliko ya wote. Alipanda, alikata, akawauzia nusu ya kata, na wengine walimjia na pikipiki kutoka mbali, hata Rungwe Mpya. Sasa mihogo ilipoanza kuoza, maneno yakaanza kutembea: Mrundi ameleta ugonjwa kutoka kwao akaupanda hapa. Wakaacha kununua pingili, ambayo ni haki yao. Kisha wakaacha kununua hata mayai yake, kana kwamba kuku nao walikuwa wanaambukizwa na inzi weupe.

Na Siti alijua pingili zile zilitoka wapi. Zililetwa na lori la mradi, Novemba 2012, zikiwa zinaumwa tayari, na hakuna aliyezipima. Alijua kwa sababu siku ile alikuwa amekaa mbele ya lori hilo, kati ya dereva na dirisha, akila mahindi ya kuchoma na kuona maisha ni mazuri.

Jumamosi alizichapa slaidi zote kwenye karatasi, akazipeleka dukani kwa baba yake, Mzee Gharibu, mjini Kasulu, akaomba mkasi. Akaanza kukata slaidi moja moja juu ya kaunta na kupanga mafungu matatu, huku akihamisha mizani na makopo ya mafuta.

"Unashona nini?" akauliza baba yake.

"Napanga, baba. Hili fungu ni la ukutani, watakaloliona wote kwa pamoja. Hili ni la karatasi, watakaloondoka nalo. Na hili ni la mdomo."

Mzee Gharibu akatazama mafungu hayo bila kuona ajabu yoyote. Wazee wake walitoka Ujiji na biashara ilikuwa damuni.

"Mbona ni kazi ya dukani tu. Bei naandika ubaoni, aione kila mtu na asiseme nimemwonea. Dawa ya panya nampa mtu na karatasi yake ya maelekezo, maana akifika nyumbani mimi sipo, na atakayekosea hapo hatarudi kuuliza. Na kama mchele umeingiwa fukusi, mteja wangu namwambia sikioni, uso kwa uso. Hilo siliandiki popote. Ukichanganya mahali, mwanangu, unafunga duka."

Siti akaendelea kukata. Picha ya muhogo mzima uliokatwa, mweupe pe: ukutani. Picha ya muhogo mgonjwa uliokatwa: ukutani, kwa sababu ile kahawia hata ukiieleza mchana kutwa mtu atafikiria kahawia yake. Jani lenye madoa ya njano: ukutani. Nafasi ya kupandia mita moja kwa mita moja, namna ya kuchagua pingili, miezi ya kukagua majani ya chini, namba ya simu: karatasi, ukurasa mmoja, herufi kubwa, maana mtu atayahitaji Novemba akiwa na jembe mkononi na bibi shamba yuko Kasulu. Ramani ya Afrika aliipa kazi ya kufungia karanga.

Mwisho alibaki na kipande kimoja kilichotoka slaidi ya hamsini na nane, kijedwali chenye mistari sita. Mstari wa tatu ulisema: "Chanzo cha pingili, Nov. 2012: Mradi, shehena ya pili. Hazikupimwa." Alikigeuzageuza. Ukutani kingekuwa tangazo, na tangazo haliombi radhi. Kwenye karatasi kingekuwa habari, na habari haina uso. Kosa la mtu kwa mtu husemwa kwa mdomo, umesimama, mbele ya mashahidi, na uliyemkosea akikutazama. Akakiweka kwenye fungu la mdomo.

Jumatatu Mratibu aliyapokea mafungu matatu kwa utulivu uliomshangaza Siti. Kumbe mgeni mmoja wa wafadhili alikuwa ameandika kwenye barua pepe kwamba slaidi ziwe chache, na tangu siku hiyo uchache wa slaidi ulikuwa wazo la Bwana Ildefonsi mwenyewe.

"Tano zinatosha," alisema. "Mimi nimekuwa nikisema siku zote. Lakini hizi nyingine hamsini na nane hazitupwi. Zinaingia kwenye kitini cha kuwagawia."

"Kitini nimekiandaa, Mratibu. Ni ukurasa mmoja."

"Ukurasa mmoja ni kikaratasi cha harusi. Kitini kina kurasa kumi na mbili." Akachukua fungu la mdomo, akalisoma, akalirudisha mezani kwa kidole kimoja. "Na hiki?"

"Hicho nitakisema mwenyewe."

"Hukisemi."

"Mratibu, wanamwita Mama Aline mchawi wa mihogo."

"Na mimi nimesema kifichwe? Hapana. Sisi ni watu wa uwazi. Kitakuwa kwenye kitini, ukurasa wa kumi na moja, jedwali la nne, kwenye kiambatisho. Atakayetaka kujua, atasoma. Lakini mdomo hauna kumbukumbu, Siti. Ukisema neno, kila mtu anaondoka na la kwake. Mdomoni utasema karibuni, asanteni, na chai iko tayari."

Ndivyo ukweli ulivyopewa makazi: ukurasa wa kumi na moja, herufi za ukubwa wa nane, umetolewa kopi ya kopi mpaka wino ukawa na rangi ya majivu. Haukufichwa. Uliwekwa tu mahali ambapo usingemsumbua mtu.

Lakini Mratibu alikuwa mwangalifu kwa jambo moja, na Siti alimuunga mkono: jina la mtu lisiwepo kwenye slaidi. Siti alikagua zote tano mara mbili. Hakuna jina, hakuna kitongoji, hakuna namba ya shamba. Akajipongeza. Alikwenda Kumsenga akiwa na dhamiri safi, kitu ambacho ni hatari sana kusafiri nacho.

Walifika na dereva Nurudini, projekta, jenereta na dumu la petroli. Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule. Shuka jeupe likatundikwa ubaoni, na kwa kuwa projekta haipendi jua, madirisha na mlango vikazibwa kwa mablanketi waliyoazima kwa walimu. Watu sabini hivi wakaketi gizani, wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na masikio. Ndipo Mratibu akaamuru vitini vigawiwe. Kurasa kumi na mbili kwa kila mtu, ndani ya chumba ambacho mtu hakuweza kuona kiganja chake. Watu walivipokea kwa shukrani, na kwa vile joto lilikuwa limeanza, wakavitumia kujipepea.

"Mwakeye," Siti akasalimu.

"Mwakeye," wakaitikia.

Slaidi ya kwanza, muhogo mweupe. Watu wakaguna kwa hamu. Ya pili, jani lenye madoa ya njano. Akawaeleza, wengine wakakumbuka majani yao. Mambo yakaenda vizuri kuliko alivyotarajia. Ya tatu, muhogo mgonjwa uliokatwa, kahawia yake kubwa kama mlango juu ya shuka. Siti akangoja mguno wa masikitiko.

Mguno ukaja, lakini haukuwa huo. Ulianzia mbele, ukapita dawati kwa dawati hadi nyuma, na ndani yake akasikia jina.

Akageuka kuitazama picha yake mwenyewe. Mkono ulioshika muhogo ulikuwa wake, hauna jina. Muhogo hauna jina. Ila nyuma ya mkono, kwenye kona ya juu, ndogo kwenye kompyuta na kubwa kwenye shuka, ilikuwapo nyumba ya tofali yenye mlango wa bluu. Kumsenga nzima ilikuwa na mlango mmoja wa bluu. Immakulata mwenyewe aliupaka kwa rangi aliyopewa ilipobaki kanisani, na Siti aliusifu siku alipopiga picha hiyo. Alikuwa amefuta kila neno na kuacha mlango.

Bwana mmoja aitwaye Pasikali, aliyepoteza ekari mbili za mihogo na alikuwa hajapata mtu wa kumwekea hasara hiyo kichwani, akasimama.

"Tunashukuru, bibi shamba. Sisi tulikuwa tunasema kwa midomo tu, mkatuambia ni majungu. Leo mmetuletea picha. Hapo ni kwa Mama Aline, hata mtoto anajua."

"Ego," wakakubali wengi kwa Kiha.

Immakulata alikuwa amekaa dawati la mwisho, karibu na mlango, kitenge amejifunga mabegani. Alikuwa anautazama mlango wake ukutani kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza na kujiuliza kwa nini aliupaka rangi.

Mratibu, kutoka kiti cha mbele, akazungusha kidole hewani: slaidi inayofuata, endelea. Na Siti, tuseme ukweli, aliogopa. Alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja na mama mwenye kisukari. Akafanya kile ambacho waoga wote wasomi hufanya, akawaelekeza watu kwenye maandishi.

"Ndugu zangu, tusihukumu. Fungueni kitini ukurasa wa kumi na moja, jedwali la nne, mstari wa tatu. Chanzo kimeandikwa pale."

Giza likajaa mchakacho wa karatasi. Pasikali alikisogeza kitini hadi puani, akasogea kwenye mwanga wa projekta, na kivuli cha kichwa chake kikafunika muhogo, nyumba na mlango.

"Bibi shamba," alisema baada ya muda, "mimi naona sisimizi wamejipanga. Hapa wanasema ni Mrundi au wanasema ni Mungu?"

Darasa likaangua kicheko. Immakulata akasimama, akainamisha kichwa, akaanza kutafuta mlango wa kutokea nyuma ya blanketi.

Hapo hasira ya Siti ilipanda, na aliyekasirikiwa alikuwa yeye mwenyewe. Kipande kile alikikata kwa mkasi wake na kukiweka fungu la mdomo, kisha akakubali kipelekwe ukurasa wa kumi na moja. Alijua mahali pake na akakiacha kipotee.

"Nurudini, zima mashine," akasema. "Na hayo mablanketi yatolewe."

"Siti," akasema Mratibu kwa sauti ya chini.

Jenereta likanyamaza. Mablanketi yakashuka na jua likaingia na kuwakuta watu sabini wakikunjakunja macho. Siti akatoka mbele, akapita katikati ya madawati hadi nyuma, akasimama mbele ya Immakulata.

"Pingili zile za mwaka 2012 hazikutoka Burundi. Zililetwa na lori la mradi. Zilikuwa zinaumwa, na hatukuzipima. Mimi nilikuwa ndani ya lori, nikazishusha kwa mikono yangu, nikamwambia Mama Aline ni mbegu bora. Akaniamini kama ninyi mlivyomwamini yeye. Naye kalima, kapalilia, kawauzia alichoambiwa ni kizima. Kosa ni letu, na la kwangu limo. Na picha ile nimeileta mimi, bila kuangalia kilicho nyuma. Mama Aline, nakuomba radhi mbele ya hawa wote."

Kisha Nurudini, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kufungua mdomo kwenye mkutano wowote kwa sababu hakuna aliyeweka dereva kwenye ratiba, akasema kutoka kwenye jenereta: "Lori niliendesha mimi. Ni kweli."

Pasikali akakaa. Alikitazama kitini chake kwa mwanga wa jua, akakiweka karibu, akakiweka mbali, akakuta mstari wa tatu. "Mmh," akasema. "Kumbe wameandika. Hazikupimwa." Akampa jirani yake, naye akasoma. Kwa dakika tano hivi jedwali la nne lilikuwa na wasomaji wengi kuliko lilivyowahi kupata, na Mratibu alitazama mafanikio hayo ya kitini chake bila furaha.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Tharsisi, akauliza kama kuna anayepinga kung'oa. Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema kama mradi wenyewe unakubali kosa, basi labda na dawa yao ni ya kweli. Mikono ikanyooshwa, hata wa Pasikali. Lori litakuja.

Siti akapumua. Alidhani yamekwisha, na kwamba fungu la mdomo limeshinda, naye moyoni akaanza kujipongeza kwa mara ya pili. Ndipo Immakulata akasema.

"Umesema vizuri, mwanangu, na mimi nimekusamehe. Lakini maneno yako yatalala humu darasani pamoja na chaki. Picha ile wameiona watu sabini, na kila mmoja ataifikisha kwao, maana picha haisahauliki. Wateja wangu wa Rungwe Mpya hawakuwepo. Wakija wakaniuliza, niwape nini? Sauti yako?" Akanyoosha mkono, kiganja wazi. "Nipe karatasi."

Siti alibaki anautazama mkono ule. Alikuwa amepanga mafungu yake dukani kana kwamba jambo moja lina mahali pamoja. Radhi ilikuwa ya mdomo, sawa. Lakini ushahidi wa radhi ulikuwa wa kutembea, na kinachotembea ni karatasi. Alikuwa amepanga kwa kujiangalia yeye anayesema, siyo huyu atakayebaki akiulizwa.

Akachukua kitini, akang'oa ukurasa wa mwisho ambao nyuma ulikuwa mweupe, akaazima kwa mwalimu kalamu ya wino mzito ya kuandikia mabango. Akaandika kwa herufi kubwa, mistari mitatu:

PINGILI ZILIZOUGUA MWAKA 2012 ZILILETWA NA MRADI WA MHOGO SALAMA.
HAZIKUPIMWA.
MAMA ALINE HANA KOSA.

Akaweka jina, tarehe na sahihi. Bwana Tharsisi, ambaye muhuri wa kijiji huutembeza kwenye mfuko wa koti kama watu wengine wanavyotembeza ugoro, akauhemea mara mbili na kuugonga. Karatasi bila muhuri, wote wanajua, ni maoni.

Walirudi Kasulu. Kilomita nyingi zikapita, vumbi likaingia, Nurudini akajifanya hana masikio. Mahali fulani baada ya Kibondo mjini, Bwana Ildefonsi akasema, akitazama barabara, kwamba mkataba wa Siti unaisha Desemba na hautaongezwa.

"Nipe kwa maandishi, Mratibu, na sababu."

"Mambo mengine," alisema Bwana Ildefonsi, "hayahitaji karatasi."

Kumbe alikuwa anajua. Miaka yote ile ya slaidi sitini na tatu alikuwa anajua vizuri kabisa kipi ni cha ukutani, kipi ni cha karatasi na kipi ni cha mdomo tu. Barua haikuja hadi leo.

Siti alirudi dukani kwa baba yake. Akauza mafuta na sabuni, akaandika bei ubaoni. Iliuma. Alikuwa amesomea mimea, na usiku aliota majani ya njano. Mama yake alimeza dawa zake nusu nusu ili zifike mwisho wa mwezi, akidhani hakuna anayemwona.

Mwezi wa sita 2015 mradi ulifanya mkutano wa kuwaonyesha wafadhili mafanikio, kwenye ukumbi mmoja mjini Kasulu. Chai na sambusa viliagizwa kwa Mzee Gharibu, kwa kuwa sambusa zake hazina mshindani na Mratibu hakuwa mtu wa kuweka kinyongo mbele ya chakula. Siti ndiye aliyebeba sinia. Ukumbini palikuwa na giza, projekta, na wageni kumi na wawili, kila mmoja na kitini mbele yake. Kitini kilikuwa na kurasa ishirini sasa. Vitini vya Mratibu havikuwahi kupunguzwa, viliongezwa tu kwa mbele, kama nyumba ya mtu mwenye watoto wengi.

"Na hii ndiyo slaidi yangu ninayoipenda," Bwana Ildefonsi alikuwa anasema. "Mzalishaji wetu bora wa pingili, Kumsenga. Mtaona hatujaweka jina lake. Tunalinda faragha."

Mlio wa kamera, na picha ikaingia. Immakulata, kitenge kipya, amesimama anacheka mbele ya mihogo iliyompita kimo. Nyuma yake mlango wa bluu. Na juu ya mlango, ndani ya nailoni, imepigwa misumari minne, karatasi. Kwenye simu ya Mratibu lazima ilikuwa doa jeupe. Ukutani ilikuwa na upana wa meza.

Wageni waliinua vichwa. Mama mmoja wa makamo, mkuu wa msafara, akavaa miwani. Alikuwa Mtanzania na hakuhitaji tafsiri. Akasoma kwa sauti, taratibu, mstari wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Herufi zilikuwa kubwa na zilisomeka vizuri.

Bwana Ildefonsi akabonyeza kitufe. Kwa bahati mbaya alibonyeza cha kurudi, kisha cha kwenda, na picha ikaingia upya kwa mlio wake wa kamera.

"Mratibu," akasema yule mama, "hili la pingili kutopimwa, mbona sijawahi kuliona? Lipo mahali popote kwenye taarifa zenu?"

Bwana Ildefonsi akafungua mdomo. Ilikuwa nafasi nzuri ya kutumia mdomo, lakini hakuwa ameuandalia kitu.

Siti alikuwa amefika kwenye kiti cha mgeni. Akaweka sahani ya sambusa juu ya meza, akakivuta kitini kidogo kando kisilowe mafuta, akakifunua kwenye kiambatisho.

"Lipo, mama," akasema. "Ukurasa wa kumi na tisa, jedwali la nne, mstari wa tatu. Ngoja nikufungulie pazia."